Mhina wa Bi Mkubwa

Sikuwahi kuomba hata jani moja la ule mti. Nasema mapema ili nisije nikaonewa huruma nisiyostahili. Ulikuwa mhina wa bi mkubwa, mke wa kwanza wa mume wangu, na ulisimama uani nyuma ya jiko, kati ya mlango wake na mlango wangu, ila matawi yake yote yaliinamia upande wake. Niliona hata mti ulijua nani mwenye nyumba.

Bi mkubwa alitoka katika familia ya mjini, ya huku Kasongo na Nyangwe, ya wale ambao babu zao walikuwa Waislamu kabla ya babu yangu kuona kanzu. Mhina ule aliuleta akiwa bibi harusi, kijiti kilichokatwa kwenye ua wa mama yake kule Nyangwe, kando ya mto, kimefungwa ndani ya kitambaa chenye maji. Mimi nililetwa kutoka kijiji kimoja cha Kabambare, upande wa Lusangi, na sikuja na mti wowote. Nilikuja na sanduku moja na sufuria tatu.

Kila ilipokuwa arusi mtaani, wanawake walikuja kwake. Alivuna majani, akayaanika kivulini juu ya ungo, akayatwanga, akayachekecha kwa kitambaa mpaka unga ukawa laini, halafu akaukoroga na maji ya ndimu. Yote hayo aliyafanya polepole, akijua anatazamwa. Na siku zamu yake ya mume ilipokaribia, kucha zake zilikuwa nyekundu. Siku mbili zake, siku mbili zangu, ndivyo sheria ya nyumba yetu ilivyokuwa. Mimi nilikuwa najua zamu inageuka kwa kuangalia vidole vyake vikimimina chai. Niliona rangi ile nikapoteza hamu ya kula. Sikutaka hina. Nilitaka yeye asiwe nayo.

Mwaka ule binti yake mkubwa, aliyeolewa na mfanyabiashara wa dhahabu huko Salamabila, alikuwa anatarajia mtoto wake wa kwanza. Mtoto wa kwanza, mama lazima awepo, na akae mpaka arubaini iishe. Kwa sababu barabara hupitika vizuri kiangazi, bi mkubwa aliamua kwenda mapema, mwezi wa sita, na kurudi mvua zikishaanza. Siku mbili kabla ya kuondoka aliuvuna mhina karibu wote, akajaza mfuko mzima wa majani makavu ya kumpelekea binti yake. Asubuhi ya safari, pikipiki ikiwa inanguruma mlangoni, aliniita uani.

"Mudogo wangu," akaniambia, "bwana nakuachia, na muti nakuachia. Maji ya kuoshea muchele, usiimwage. Uitie hapa, kila siku. Kiangazi ya hapa iko mubaya."

"Ndiyo, yaya," nikajibu, maana ndivyo tunavyomwita dada mkubwa.

Akapanda pikipiki, mfuko wake wa hina umefungwa nyuma na mpira, akaenda.

Basi nikabaki na mume peke yangu. Siku zote zilikuwa zangu. Nilikuwa nimeingoja hali hiyo tangu niolewe, na kwa wiki ya kwanza nilitembea ndani ya lupango letu, kiwanja chetu chote, kama mtu aliyeshinda kesi. Nilihamisha viti vya barazani. Nilipika sombe, majani ya muhogo, kwa mawese mengi kama tunavyopika kwetu, si kama anavyopika yeye. Na maji ya kuoshea mchele nilimwagia lengalenga zangu, mboga nilizopanda mwenyewe kando ya ukuta. Siku ya kwanza nilijiambia nimesahau. Siku ya pili sikujisumbua kujiambia kitu.

Mume wangu ni mtu mpole, ana duka la vitambaa na sabuni karibu na soko. Asubuhi, kabla hajafungua duka, alikuwa na tabia ya kwenda uani akiwa na mswaki mdomoni. Nilidhani anakwenda kupata hewa. Sasa, kwa kuwa kila asubuhi ilikuwa yangu, niligundua anakwenda kuutazama mhina. Anasimama mbele yake, anagusa tawi, anarudi.

"Umeitilia maji?" ananiuliza.

"Nimetia."

Nilisema uongo na sikuona haya. Nilichoona ni kwamba mwanamke yuko safari ya siku nyingi, na bado mume wangu anaanza siku yake kwa kumwamkia.

Mwezi wa saba ulipofika katikati, majani machache yaliyobaki yalianza kuwa njano, yakadondoka. Vumbi la kiangazi likayafunika chini. Baada ya wiki mbili mti ulibaki vijiti vitupu, vyembamba, vya rangi ya majivu, na ncha zake zimekuwa ngumu kama miiba. Nilipoona hivyo, furaha niliyotegemea haikuja. Ilikuja hofu.

Sababu ya hofu aliisema wifi yangu, dada wa mume wangu, mtu ambaye haingii ndani ya nyumba bila kusalimia kwa sauti ya kusikika nyumba tatu. Alikuja siku moja mchana, akauona mti, akaweka mikono kiunoni.

"Muti ya yaya wako imekufa," akasema.

"Ni kiangazi tu, wifi."

"Kiangazi ya miaka yote inapitaka, muti inabakia na majani. Mwaka ule ameachia mbanda wake, muti inakufa. Watu watasema nini? Mi sisemi kitu. Lakini watu iko na midomo."

Mbanda ni mke mwenza, lakini jinsi alivyolitamka neno lile, ungedhani ni ugonjwa. Nilielewa vizuri alichokuwa ananiambia. Mhina ukifa mikononi mwangu, nitakuwa mwanamke aliyeua mti wa mwenzake, na hapo watu hawatafikiria maji ya mchele. Watafikiria dawa, watafikiria roho mbaya ya mtu wa kijijini. Wamama wa mtaa hawatanikaribisha tena jikoni kwao siku za arusi. Na mume wangu, mpole alivyo, atanitazama miaka yote iliyobaki kwa jicho la kujiuliza. Ningevumilia kuchukiwa na wanawake wa mtaa. Jicho lile nisingeliweza.

Ndipo nikamkumbuka baba yangu na kahawa yake. Kule kwetu alikuwa na shamba la mikahawa ya zamani, na kiangazi kikiwa kikali, miti mingine ilipukutika majani mpaka majirani wakataka kuing'oa ili wapande mihogo. Baba hakukubali kung'oa mti kwa kuuona kwa macho. Alishika kijiti, akakiparua kwa ukucha wa dole gumba, alama ndogo tu, si ndefu kuliko ukucha wenyewe. Chini ya ganda la nje, kama kuna rangi ya kijani na unyevu kidogo, mti unaishi, umelala tu. Kama ni kahawia na kavu, kipande hicho kimekufa, na hapo unashuka chini, unaparua tena, mpaka ufike penye kijani au ufike kwenye udongo. "Usianze kulia kwenye ncha," alikuwa anasema. "Ncha inakufaka ya kwanza." Na alikuwa mkali juu ya jambo moja: usiparue kuzunguka. Mahali pamoja, upande mmoja, basi. Ukiuvua mti ganda lake pande zote, umeuua wewe mwenyewe kwa kuutafuta uhai.

Asubuhi iliyofuata, mume alipokwenda dukani, nilimfunga mgongoni binti yangu, aliyekuwa bado hajatembea, nikaenda uani. Nilikunja kijiti cha juu kabisa. Kilikatika, tak, ndani kikavu. Nikaparua chini kidogo: kahawia. Nikashuka mpaka kwenye goti la tawi: kahawia bado, ila si kavu sana. Nikachuchumaa, nikaparua shina lenyewe, lile nene kama dole gumba, kiasi cha shibri moja kutoka ardhini. Ganda la majivu likatoka, na chini yake palikuwa kijani. Kijani kibichi, chenye maji, kikang'aa pale kwenye ukucha wangu.

Mtu mwema angefurahi. Mimi nilikasirika. Nilichuchumaa pale na binti yangu akinivuta hereni, nikauambia ule mti kwa sauti: "Na weye hukufi?"

Mchana mume aliporudi kula, aliniuliza kama alivyouliza kila siku, "Muti iko namna gani?" Nikamjibu, "Sijui." Nilimwona uso ukimwangukia, nikanyamaza. Nilikuwa na neno moja la kumpa raha, nikaliweka mfukoni. Nilijitetea kwamba sina hakika. Nilikuwa na hakika kabisa. Nilitaka amhuzunikie mpaka achoke.

Sasa lile nitakalosema sijawahi kumwambia mtu mpaka leo. Nilirudi kuparua kesho yake. Na keshokutwa. Kila asubuhi mume akitoka, nilikwenda kuangalia kama bado ni mzima, na kila asubuhi nilitumaini kukuta kahawia. Shina lilikuwa na vichipukizi vingine vinene vitatu au vinne vilivyotoka chini pamoja nalo, lakini mimi nililishikilia lile moja, lile lililoinamia zaidi mlango wake. Ukucha ulipochoka nilichukua kisu kidogo cha kumenyea vitunguu. Nikakwangua upande huu, kijani. Nikakwangua upande ule, kijani. Nilikwangua mpaka nikagusa mti mweupe wa ndani. Alama zilisogeleana. Nilijua kabisa sauti ya baba yangu ingesema nini, nikaendelea. Nilijiita mpimaji. Mikono yangu ilikuwa inafanya kazi nyingine.

Katikati ya mwezi wa nane wifi yangu alirudi, safari hii akiwa na shauri. Alikaa barazani na mume wangu wakanywa chai, nami niliwasikia kutoka jikoni.

"Kaka, bibi yako asikute ile maiti hapa. Atalia. Tuitoe mbele hajarudia. Kuna mwanaume mmoja wa jembe, nitamuleta siku ya ijumaa, kisha swala. Mi ndiye nitamuambia yaya, nitasema Mungu ameitwaa. Hakuna atakayemushitaki mutu."

Nilisimama jikoni na kijiko mkononi. Mnaona jinsi mambo yalivyojipanga? Mti ungeng'olewa, na si mimi niliyeamuru. Wifi ndiye angebeba lawama, kwa mdomo wake mwenyewe alikuwa ameahidi kunikinga. Sikuwa na la kufanya zaidi ya kunyamaza, na kunyamaza nilikuwa nimekuzoea. Siku tatu nilizongoja ijumaa nilikuwa na furaha mbaya. Nilikwenda hata kupima kwa macho mahali pale, nikaona panaweza kukaa tuta la lengalenga.

Ijumaa mtu wa jembe alikuja, mtu mzima mwenye mvi, akaweka panga na jembe lake chini, akaomba maji ya kunywa. Mume wangu alitoka msikitini bado na kofia yake. Wifi alikuwepo. Mume akausogelea mti, akaushika tawi moja, akageuka kwangu. Nadhani alitaka kujifariji.

"Si kitu," akasema. "Nitaenda Nyangwe mimi mwenyewe. Kwa mama mukwe wangu ile muti ya kwanza iko bado. Nitaleta vijiti viwili. Kimoja hapa, kingine pale karibu na mulango yake. Nitavipanda na mikono yangu, nitatia maji mimi mwenyewe, akirudia akute vimeshika."

Nyangwe. Mume huyu ambaye kwa pikipiki hadi soko la pili analalamika mgongo! Ashuke mpaka mtoni, akatafute vijiti, avibebe, achimbe shimo, amwagilie kila asubuhi na mswaki mdomoni. Mihina miwili badala ya mmoja, na yote miwili imepandwa na mkono wake. Mimi hajawahi kunipandia hata kitunguu. Damu ilinipanda kichwani. Mtu wa jembe alikuwa ameshainua jembe.

"Muache!" nikapiga kelele. "Muti iko muzima!"

Wote wakanigeukia. Nikamvuta mume wangu mkono, nikamchuchumaza chini pamoja na kanzu yake nyeupe. Nikachagua kichipukizi kingine, si lile shina langu la kila asubuhi, nikaparua kidogo kwa ukucha. "Angalia mwenyewe. Hii nini?"

Aliinamisha kichwa. Kijani kilikuwa pale, chembamba, chenye unyevu. Akakigusa kwa kidole, akanusa kidole chake. Mtu wa jembe naye akainama, akaguna.

"Mama anasema kweli," akasema yule mzee. "Hii inalala. Ukichimba unachimba kitu kizima."

Wifi hakutaka kushindwa. "Na hii ni nini?" Alikuwa ameliona shina jingine, limechubuliwa pande zote, alama juu ya alama. "Nani ameichuna hivi? Panya?"

"Ni mimi," nikasema. "Nilikuwa naangalia kama iko muzima."

"Kila siku?" akauliza mume.

"Kila siku."

Alinitazama muda mrefu. Nilisubiri lile jicho la kujiuliza. Badala yake macho yake yalilegea, na akasema mbele ya dada yake, "Watu wasikie. Kila siku alikuwa anakuja kuangalia muti ya mwenzake, na hakuniambia kitu." Wifi akanyamaza, jambo ambalo sikuwahi kuliona kabla ya siku ile. Mimi nilitamani ardhi inimeze, na wakati huohuo, nitasema kweli, sifa ile ilikuwa tamu.

Mtu wa jembe alilipwa kwa sahani ya wali na akaenda zake. Wifi, ili asionekane amekuja bure, aliinua bidoni, dumu zima la maji, kutaka kulimimina lote kwenye shina. Nikamzuia. Mti usio na majani haunywi sana. Ukiumwagia bidoni zima kila siku mizizi inaoza, na hapo ndipo unaua kilichokuwa kinapumzika tu. Nilisema bakuli moja kila baada ya siku chache, kwenye udongo wa pembeni, basi. Nikatandaza majani makavu ya mgomba chini ili udongo usikauke haraka. Vijiti vya juu vilivyokufa nilivikata mpaka pale nilipokuta kijani. Nikamwambia mume wangu kazi iliyobaki ni kungoja, na hakuna dawa ya kuharakisha.

Tukaanza kungoja. Na hapa ndipo mambo yaliponigeukia. Mume wangu, kwa kuwa sasa mimi ndiye mwenye kujua, alianza kuniita kila asubuhi. "Mama, kuya tuangalie." Tulikwenda uani pamoja, tukachuchumaa, bega kwa bega, tukatafuta macho ya majani kwenye vijiti. Aliniuliza habari za kahawa ya baba. Aliniuliza kama miti inaota ndoto, nikamcheka, naye akacheka. Alichelewa kufungua duka. Kati ya miaka yote ya ndoa yangu, zile ndizo asubuhi zilizokuwa nzuri kuliko zote, na zote tulizitumia tukimtazama mwanamke mwingine. Nililijua hilo. Nilikuwa naamka nikiwa na furaha, na ninakunywa chai nikiwa na uchungu.

Mwezi wa tisa mvua ya kwanza ilinyesha, kisha ya pili. Miembe ya jirani ilichipua majani mekundu. Lengalenga zangu zilijaa. Mhina haukufanya kitu. Mume akaanza kukata tamaa, nikamwambia angoje, miti haisikii mvua siku moja. Nilimwambia kwa sauti ya mtaalamu. Moyoni nilikuwa naomba ulale mwaka mzima.

Asubuhi moja alikwenda Kabambare kutafuta bidhaa, nami nikaenda uani peke yangu. Chini kabisa, kwenye kichipukizi cha pili, palikuwa na nukta ya kijani, ndogo kuliko punje ya ulezi. Jicho limefunguka. Nililitazama. Nikafikiri: akirudi akiliona, kungoja kwetu kumekwisha. Nikalichuna kwa kucha mbili. Lilitoka kirahisi sana, likanibakia kwenye kidole kama uchafu.

Baada ya siku tano, pale nilipochuna, palitoka mawili, moja kila upande. Na chini yake manne. Na siku ya sita kila kichipukizi kilikuwa na majani madogo yanayong'aa, isipokuwa lile shina langu. Mume aliporudi aliyaona kabla sijamwambia. Aliniita kwa sauti ambayo hakuwahi kuniitia, akanishika mikono yote miwili uani, mchana kweupe, majirani wakiona. Kesho yake alikwenda dukani mapema kama zamani.

Bi mkubwa alirudi mwezi wa kumi, amenenepa, na maneno mengi kuhusu mjukuu. Mume alimsimulia kila kitu hata kabla hajavua viatu: jinsi mti ulivyokauka, jinsi dada yake alivyotaka kuung'oa, jinsi mimi nilivyoupima kila siku bila kujisifu. Aliposema "kila siku", bi mkubwa alinitazama, akanishukuru kwa maneno ya heshima. Halafu akasema tuende uani tuuone, sisi wawili tu.

Mhina ulikuwa umejaa kuliko alivyouacha. Hakuushangaa. Alichuchumaa moja kwa moja mbele ya lile shina lisilo na jani, akapitisha kidole kwenye makovu, akakizungusha mpaka kikarudi kilipoanzia. Kisha akaparua kwa ukucha wake, juu ya makovu. Kahawia, kavu. Akaparua chini ya makovu, karibu na udongo. Kijani. Ukucha wake ukabaki juu ya kile kijani. Mwanamke aliyekuza mti ule miaka ishirini hawezi kudanganywa kuhusu kilichoua tawi lake.

"Mudogo wangu," akasema bila kunitazama, "ulikuwa unatafuta nini hapa kila siku?"

Ningeweza kusema lolote. Mume alikuwa ameshanitengenezea jibu zuri. "Nilikuwa natafuta kama imekufa," nikasema. "Nilikuwa nataka ikufe."

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa bei aliyoitegemea. Akaomba kisu. Nikamletea kile cha vitunguu. Akakata shina kavu chini ya makovu, mkato mmoja safi, akalitupa upande wa jiko.

"Ulipokuja hapa," akasema, "ulikaa miaka mine bila mutoto. Unakumbuka? Kila asubuhi ulikuwa unatoka kuchota maji, na mi nilikuwa nasimama kwa mulango. Watu walizani nakusalimia. Nilikuwa naangalia tumbo yako. Nilikuwa naomba ibakie tupu. Kila siku, miaka mine. Na ile mimba iliyotoka, mi nililala vizuri."

Akajipangusa udongo magotini, akanirudishia kisu, akaingia ndani kumwona mume wake, maana zamu ilikuwa inaanza na yeye.

Nilibaki uani. Mtu angefikiri nililia, au kwamba tangu siku ile tukawa ndugu. Nilikuwa nimekasirika. Katika nyumba ile mume alikuwa wake kwanza, mlango mkubwa wake, mti wake, jina la heshima lake. Wivu tu ndio niliodhani ni wangu mwenyewe, nimeulea peke yangu bila kusaidiwa na mtu. Kumbe hata kwa huo alikuwa amenitangulia, miaka mingi, na aliufanya vizuri kuliko mimi, bila kuacha alama.